Kusini Mkononi: mpango wa vipindi vinane

Dada Zuhura, na mdogo wangu Hamisi,

Huu ndio mpango wa vipindi vyetu vya video niliowaahidi siku ile tulipokaa Shangani. Usomeni wote kabla ya Jumamosi, kisha tukate maneno.

Vipindi vitatu tulivyokwisha kutoa ni vizuri, lakini vilitutoa jasho pasipostahili. Kile cha Mikindani kilichukua wiki mbili, na katika hizo siku ya kupiga picha ilikuwa moja tu. Siku nyingine zote nilikuwa naandika na kufuta. Utangulizi peke yake niliuandika mara tisa, kwa sababu kila nikikaa nilikuwa najiuliza upya: tuanze na historia, tuanze na bahari, au tuanze na yule mzee? Hamisi ulikuwa unanipigia simu kuuliza kamera ielekezwe wapi nami sina jibu. Hilo kosa ni langu. Nilikuwa naijenga nyumba na kuchagua samani kwa wakati mmoja.

Kuanzia sasa nyumba inajengwa mara moja. Kila kipindi ni dakika sita, na kina vyumba saba vilevile kwa mpangilio uleule:

```
1 SWALI        sek 20
2 MKONONI      sek 90
3 ILIKOTOKA    sek 60
4 FUNDI        sek 120
5 NENO         sek 30
6 MLITUULIZA   sek 30
7 KWAHERI      sek 10
```

Nimejipima kwa saa ya simu: nikisoma bila kukimbia, dakika moja inabeba maneno kama 115. Kipindi cha dakika sita kilichoandikwa neno kwa neno ni maneno 690. Kwa mpango huu ninaandika kama 350, yaani nusu. Fundi haandikiwi kitu, Kwaheri imeshaandikwa na haibadiliki, na katika Mkononi nusu ya muda nanyamaza ili mikono ionekane ikifanya kazi.

Mkononi ndicho chumba kikuu. Kila kipindi kinahusu kitu kimoja cha kusini ambacho mtu anaweza kukishika. Hatufanyi kipindi kuhusu "uchumi wa korosho". Tunafanya kipindi kuhusu korosho moja iliyo bado kwenye ganda lake. Ndiyo maana chumba hiki kinaandikwa kwanza, hata kabla ya Swali, na nikiwa nimekishika kitu chenyewe mezani. Nikishakieleza kitu kama nilivyokiona, swali huja lenyewe.

Fundi anaulizwa maswali matatu, hayo hayo kila mara: "Ukianza kazi hii, unashika nini kwanza?" "Anayejifunza hukosea wapi?" "Nani alikufundisha?" Dada Zuhura, wewe ndiye unayeuliza, kwa sababu watu hukuzoea haraka. Usiongeze la nne hata kama mazungumzo yamenoga. Likitokea jambo zito, liandike, litafaa kipindi kingine. Swali la tatu nalipenda kuliko yote: mtu akimtaja bibi yake au mjomba wake, uso hubadilika, na hapo ndipo Hamisi usogeze kamera.

Ilikotoka isizidi miaka miwili ya kutajwa. Mtazamaji hashiki zaidi ya hapo. Na bei za mnada hatuzitaji kabisa, zinabadilika mnada kwa mnada na kipindi kitachakaa kabla ya msimu kuisha.

Ili muone inavyokaa, nimekiandika chote kipindi cha kwanza. Nilianza saa mbili usiku nikamaliza saa tatu na nusu.

Kipindi cha 1: Korosho

SWALI. "Hii ni korosho moja. Wengi wetu tumekula mamia yake. Lakini ukiibangua mbichi kwa meno, midomo itababuka. Kwa nini chakula kitamu hivi kimefungwa ndani ya kitu kinachounguza? Mimi ni mwenyeji wenu, na hii ni Kusini Mkononi."

MKONONI. "Angalia umbo lake, kama figo. Juu ilipokatika ndipo iliposhikana na bibo. (Kimya: nageuza korosho.) Ganda ni gumu, na ukilipasua unakuta halina tabaka moja, lina mbili. (Kimya: kisu, glovu, kupasua taratibu.) Katikati ya tabaka hizo kuna vitundu vidogo kama vya sega la nyuki, vimejaa mafuta mazito ya hudhurungi. Haya ndiyo yanayobabua ngozi. Wabanguaji wengi hupaka mikono majivu kabla ya kuanza. Mafuta haya yana kazi kiwandani: hutumika kutengenezea vanishi na hata vitambaa vya breki za gari. (Kimya: kiini kinatoka kizima.)"

ILIKOTOKA. "Mkorosho si mti wa asili ya hapa. Kwao ni Brazili. Wareno waliuleta pwani yetu katika karne ya 16, ukaupenda mchanga wa kusini kuliko miti mingi ya chakula. Ukame wa miezi unaustahimili, ardhi duni unaikubali. Adui wake mkubwa hapa ni ubwiri unga, ukungu mweupe unaoshambulia maua na majani machanga, na ndiyo maana katikati ya mwaka unaona mashamba yakipuliziwa salfa. Nje kidogo ya mji wa Mtwara, Naliendele, kuna kituo cha utafiti ambako wataalamu wanashughulika na mbegu na magonjwa ya mkorosho. Mavuno huanza kushika kasi Oktoba. Korosho hukusanywa kwenye chama cha msingi, hupelekwa ghalani, kisha huuzwa kwa mnada. Sehemu kubwa husafirishwa ikiwa ghafi, ganda na mafuta yake yote."

NENO. "Ndizi humenywa. Mahindi hupukuchuliwa. Korosho hubanguliwa. Ukimwambia mama wa hapa kwamba unataka kumenya korosho, atakucheka kisha atakufundisha. Kubangua ni kupasua ganda bila kukivunja kiini, na ustadi wote uko kwenye hilo neno 'bila'."

MLITUULIZA. "Baada ya kipindi cha Mikindani mliuliza: ni kweli Livingstone alipita pale? Ni kweli. Mwaka 1866 ndipo alipoanzia safari yake ya mwisho kuelekea bara. Hakurudi tena pwani akiwa hai. Alifariki mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia."

KWAHERI. "Una kitu cha kusini nyumbani kwako? Tuandikie jina lake tu. Tukutane Jumapili."

Hamisi, unaona nilivyoandika "kimya" na kinachofanyika? Hizo ndizo picha zako za karibu, na zitakuwapo kila kipindi. Huna haja ya kunisubiri. Ukisikia kitu ni chumvi, unajua tayari unahitaji mkono, meza, dirisha la upande wa kushoto, na angalau picha tatu za karibu. Kubangua mbele ya kamera ni kwa glovu, hata kama fundi mwenyewe hana habari nazo.

Vipindi vingine nilivyopanga ni reli, chumvi, ming'oko, kinyago cha mpingo, salfa, maji ya Newala, na mifupa ya dinosaria wa Tendaguru. Vingi vinakaa vizuri kwenye vyumba vyetu. Reli, kwa mfano: mkononi tunashika karanga moja, maana reli ya Mtwara hadi Nachingwea ililetwa na mpango wa Waingereza wa kulima karanga baada ya vita. Mpango ukaachwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Karanga moja kwenye kiganja na njia ya treni isiyokuwapo. Sihitaji kuongeza maneno.

Kilichonisumbua ni Tendaguru. Kitu cha kushika ni kipi? Mifupa ya yale majitu ya kale iko Berlin, na kiunzi kizima kilichosimamishwa makumbusho kina urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Nilikuwa nimeshakikata kipindi. Halafu nikakumbuka mifupa ile ilifikaje baharini. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, wakiwa na mamia ya vibarua wa hapa hapa, na mizigo ilitoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi ikiwa kichwani na mabegani mwa watu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Kwa hiyo mkononi tunashika ngata. Ile ngata ya kitambaa ambayo mama anaiweka kichwani akienda kuteka maji. Kipindi kikawa cha wapagazi, ambao majina yao hayako kwenye kibao cha makumbusho, na nikaona ni kipindi bora kuliko kile nilichokuwa nimekitaka mwanzo. Bila hicho chumba cha Mkononi ningeandika kuhusu ukubwa wa mnyama, kama kila mtu.

Kwa hiyo kanuni ni hii: kitu kikikosa cha kushika, tunakitafutia kwa siku mbili. Kisipopatikana, kinangoja. Vyumba havivunjwi kwa ajili ya kipindi kimoja. Tutakaporekebisha, turekebishe baada ya kipindi cha nne, na kwa vyote vilivyobaki.

Ratiba. Jumatatu usiku naandika vipindi viwili, si kimoja, kwa kuwa akili ikishaingia kwenye mpangilio cha pili huja upesi. Jumanne asubuhi Dada Zuhura unavisoma kwa sauti. Pale unapojikwaa ndipo ninaporekebisha, hata kama kwangu sentensi ilikuwa tamu. Jumatano tunapiga vyote viwili. Vya ufukweni tuwe tumemaliza saa nne asubuhi, maana kusi likishapanda maiki haisikii kitu ila upepo. Ijumaa Hamisi unahariri. Faili zipewe majina haya, ili umeme ukikatika tusianze kutafutana:

```
K01-korosho-2-mkononi.mp4
K01-korosho-4-fundi.mp4
```

Namba ya kwanza ni kipindi, ya katikati ni chumba. Ukizipanga kwa jina, kipindi kinajipanga chenyewe kabla hujagusa mkasi.

Wiki moja tunatoa kimoja, kingine kinakaa akiba. Nataka tuanze kurusha tukiwa na akiba ya vitatu, ili mtu akiugua au kukitokea msiba, Jumapili isipite mikono mitupu.

Mpaka Jumamosi: Dada Zuhura, tafuta mama mbanguaji wa Chuno atakayekubali kamera, na mwambie mapema maswali yote matatu, tusimvizie. Hamisi, jaribu dirisha la kushoto kwa korosho na karanga, unitumie picha nne. Mimi naandika reli.