Maelekezo ya kumtunza Mama nyumbani baada ya kiharusi

Mama ana miaka 67. Damu iliganda kwenye mshipa wa ubongo upande wa kushoto, ndiyo maana mkono na mguu wa kulia vimelegea na maneno hayatoki vizuri. Chakula kilichopondwa laini anakimeza. Maji matupu bado yanampalia. Bandikeni karatasi hii karibu na kitanda, aisome kila atakayeshika zamu, dada wa kazi pia.

KUMLAZA NA KUMGEUZA

Mgeuzeni kila baada ya saa 2, mchana na usiku, na andikeni saa na upande kwenye daftari. Msipoandika, zamu ya usiku itarukwa.

Akilalia upande wa kulia: ingizeni mkono nyuma ya bega lake, mlisogeze mbele taratibu ili uzito usikae juu ya kiungo. Mkono wake unyooke mbele, kiganja kikitazama juu. Mguu wa kushoto ukunjwe mbele, juu ya mto. Wekeni mto mwingine mgongoni. Familia nyingi huogopa kumlaza upande uliopooza, lakini unamfaa. Anzeni na dakika 30, kwa sababu hataweza kusema kwamba anaumia.

Akilalia upande wa kushoto: mkono wa kulia uwe juu ya mito miwili mbele ya kifua, usawa wa bega, kiganja kisining'inie. Mguu wa kulia uwe juu ya mto kuanzia goti hadi kisigino.

Chali alale muda mfupi tu. Mto mdogo chini ya bega la kulia, mwingine nje ya paja la kulia ili mguu usigeukie nje. Kanga iliyokunjwa chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro.

Msimvute kamwe kwa mkono wa kulia, wala msimnyanyue kwa makwapa. Misuli inayoshikilia bega imelegea, na mvuto mmoja tu unaweza kulitegua na kumwachia maumivu ya miezi. Akiinuka, mshikeni kiunoni. Msimpe mpira wa kubana kiganjani. Vidole huzidi kujikunja.

Kila asubuhi kagueni makalio, nyonga, visigino na viwiko. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri: tafuteni sehemu iliyokoza rangi, yenye joto au ngumu. Msiikande. Msimlaze hapo tena mpaka ipone, na mtupigie siku hiyohiyo. Akikojoa, msafisheni na mkausheni mara moja. Chupa ya maji ya moto isiwekwe upande wa kulia: ataungua bila kuhisi.

KUMLISHA

Hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Chakula kikiingia njia ya hewa kinaleta nimonia, na wakati mwingine hata kikohozi hakisikiki.

Kwanza awe macho kabisa. Akisinzia, subirini. Mketisheni wima kitini, au kitandani na mito mgongoni, kidevu kikiinama kidogo kuelekea kifuani. Zimeni redio. Anayelisha akae, macho yake usawa wa macho ya Mama. Ukimlisha umesimama atainua kichwa, na njia ya hewa itabaki wazi.

Tumieni kijiko cha chai, nusu kijiko kwa mara moja, upande wa kushoto wa mdomo. Tazameni koo lipande na kushuka, kisha subirini ameze mara ya pili. Baada ya vijiko vichache angalieni shavu la kulia. Chakula hujificha hapo bila yeye kujua.

Vinavyofaa: mtori laini, uji mzito wa ulezi, viazi au boga la kupondwa, parachichi, papai. Epukeni wali na mchuzi mwepesi pamoja, karanga, bisi, ugali mkavu, nyama ya nyuzi. Maji na chai apewe kwa uzito tuliowaonyesha wodini, kwa kijiko, bila mrija wala bomba la sindano.

Akikohoa, macho yakitoa machozi au sauti ikiwa kama ya mtu aliye na maji kooni, acheni kulisha. Akimaliza, msafisheni kinywa, naye abaki ameketi dakika 30 hadi 60. Mswaki ni asubuhi na usiku, hata siku asipokula: uchafu wa kinywani nao huingia mapafuni.

DAWA

Aspirini na amlodipini zisagwe, zichanganywe na kijiko cha uji mzito. Dawa nyingine yoyote mtakayopewa, ulizeni kwanza: zile za kutolewa polepole zikisagwa humwaga dozi yote kwa pamoja. Presha ikishuka vizuri msiache dawa. Imeshuka kwa sababu anazitumia.

KUZUNGUMZA NAYE

Anaelewa zaidi ya anavyoweza kusema. Mwamkieni, mwulizeni maswali ya ndiyo au hapana, mpeni muda. Msimsemee wala kumjadili mbele yake.

MLETENI HOSPITALI MARA MOJA

Mdomo kupinda upya, udhaifu kuongezeka, usingizi usio wa kawaida, degedege, homa pamoja na kupumua kwa shida, au shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma. Andikeni saa dalili ilipoanza. Msimpe chochote mdomoni, hata aspirini, kwa kuwa safari hii inaweza kuwa damu inavuja. Kliniki ni baada ya wiki 2. Daftari la kumgeuza lije naye.