Wazazi wa 6B, ile PSTL kwenye ripoti sio maksi

Wazazi na walezi wangu habari za jioni, na shikamooni wakubwa zangu. Ni mwalimu wa darasa wa 6B hapa. Nilitaka kuandika mistari miwili mitatu tu ila naona itarefuka kidogo, mnivumilie, maana tangu ripoti zitoke ijumaa simu yangu haijapumzika na karibu wote mnauliza kitu kimoja, ile safu ya mwisho iliyoandikwa PSTL, ambayo kirefu chake ni pasentaili. Kosa la kwanza ni letu, tumebadilisha fomu ya ripoti muhula huu tukaongeza hiyo safu na hatukuweka hata sentensi moja chini ya kuieleza, mi nilisaini ripoti 40 na wala sikuwaza kwamba mtu ataisoma kama asilimia. Na ukweli neno lenyewe linafanana na pasenti, nani asingechanganyikiwa.

Sasa twende. Pasentaili sio maksi. Haisemi mtoto kapata mangapi kwenye mtihani. Inasema kati ya watoto wote waliofanya mtihani uleule, ni asilimia ngapi wamepata chini yake. Basi. Na hao wote ni mikondo mitatu, 6A, 6B na 6C, jumla watoto 120, sio darasa letu peke yake.

Kwa hiyo ukikuta PSTL 75 maana yake mtoto wako kawapita watoto 90 kati ya 120. Ukikuta 50 kawapita 60, yaani yuko katikatikati ya kundi. Ukikuta 20 kawapita 24. Maksi zake ziko safu ya kwanza, ile iliyoandikwa Alama, na hizo ndizo zinazosema amejibu mtihani kiasi gani. Daraja nalo limetoka kwenye Alama na kufaulu au kutofaulu kumetoka kwenye Alama, PSTL haijamfaulisha wala kumfelisha mtoto yeyote.

Baba mmoja alinipigia jumamosi asubuhi, alikuwa na hasira kidogo na simlaumu, akaniambia mwalimu mwanangu kapata 78 Kiswahili halafu pembeni mmemwandikia 41, hizo 37 zimeenda wapi, nani kazikata? Hakuna aliyekata kitu mzee wangu. 78 ni zake zote. Kilichotokea ni kwamba mtihani wa Kiswahili watoto wengi waliuweza, wengi wamepata themanini na kitu, kwa hiyo pamoja na 78 yake nzuri kawapita watoto 49 tu, na 49 kati ya 120 ukipiga hesabu ni kama 41 kwa mia. Mtoto kafanya vizuri kwenye mtihani ambao na wenzake walifanya vizuri. Huyo kijana alishapewa maneno makali nyumbani kabla baba hajanipigia, naomba sana kama na kwako imetokea hivyo mrudie mtoto umwambie.

Na kuna upande wa pili wake, mama mmoja alinitumia meseji ya shukrani ndefuuu akisema binti yake kapata 81 Hesabu, kwanza sikuelewa maana nakumbuka maksi zake, nikafungua nakala yangu nikaona Alama 52, PSTL 81. Mama alisoma safu ya mwisho. Ilibidi nimpigie nimweleze, na hapo inataka ustadi maana hutaki kumwondolea mtu furaha yake, ila nilimwambia furaha usiiache kabisa, mtihani wa Hesabu muhula huu ulikuwa mgumu kwelikweli na binti kawapita watoto 97, hilo sio jambo dogo, lakini pia maswali karibu nusu hajayapata na sehemu na desimali bado zinamsumbua. Namba zote mbili ni za kweli kwa wakati mmoja. Moja inakuambia anajua nini, nyingine inakuambia amesimama wapi kwenye mstari.

Wale mliokuwa mkienda kliniki na watoto wadogo labda hii mtaishika haraka zaidi. Kuna chati za ukuaji ambazo mistari yake ni pasentaili hizihizi, zile za Shirika la Afya Duniani zina mistari ya 3, 15, 50, 85 na 97. Nesi akikwambia mtoto yuko kwenye mstari wa 15 kwa uzito hamaanishi mtoto ana asilimia 15 ya uzito anaotakiwa kuwa nao, hapo si angekuwa hayupo! Anamaanisha ukiwapanga watoto wa umri wake 100, kama 15 hivi ni wepesi kuliko yeye na waliobaki ni wazito zaidi. Na mtoto wa mstari wa 15 anaweza kuwa mzima wa afya kabisa. Ripoti yetu ni hivyohivyo, tofauti tu hapa tunapanga maksi badala ya kilo.

Maswali mengine mliyoniuliza nayapitia hapahapa.

Kwa nini hakuna mtoto mwenye 100? Kwa sababu hakuna anayeweza kujipita mwenyewe. Aliyeongoza kawapita 119 kati ya 120, kompyuta ikizungusha inatoka 99, na hiyo ndiyo ya juu kabisa mtakayoiona kwetu. Vilevile mtoto mwenye PSTL 0 hajapata sifuri, maana yake tu hakuna aliye chini yake kwenye somo hilo, tena anaweza akawa na maksi 45.

Waliofungana je? Wanapewa pasentaili moja, maana kinachohesabiwa ni walio chini yao tu. Sayansi kuna watoto 9 wana 70 na wote 9 wana PSTL ileile, kwa hiyo msije mkadhani mmoja kaonewa.

Halafu hili nadhani ndilo gumu zaidi na ndilo linaloleta makelele nyumbani. Hatua za pasentaili hazilingani na hatua za maksi. Watoto wengi wamejazana katikati, kule juu na kule chini wako wachache wachache. Chukua Sayansi hiyohiyo, kuanzia maksi 60 mpaka 66 wamo watoto 36, wamebanana hapo kama wako kwenye foleni. Mwenye 60 ana PSTL 25, mwenye 67 ana PSTL 55. Maksi 7 tu, lakini kwenye karatasi unaona 25 na 55 unafikiri mmoja ni hodari na mwingine hajui kitu, kumbe tofauti yao ni maswali mawili matatu, pengine mmoja aliruka ukurasa. Sasa nenda kule juu, wa kwanza ana 96 na wa pili ana 88. Tofauti maksi 8, kubwa kuliko ile, ila PSTL zao ni 99 na 98. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha mtoto wako na wa dada yako (najua mtalinganisha hata nikikataza) tumieni Alama, na hata hapo taratibu.

Kwa sababu hiyohiyo tafadhali msijumlishe zile PSTL za masomo yote mkagawanya mpate wastani. Kuna mzazi kanitumia hesabu yake, kaifanya kwa usafi kabisa, ila namba inayotoka pale haina maana yoyote. Wastani wa mtoto uko chini kushoto na umetokana na Alama.

Na kushuka. Mtoto anaweza kupanda maksi akashuka pasentaili, ripoti hii inayo mifano. Nina kijana Jiografia muhula uliopita alikuwa na 58, sasa ana 66. Nilirudi kwenye matokeo ya zamani nikakokotoa kwa mkono ile ya wakati ule, ilikuwa 64, sasa ni 50. Kapanda maksi 8! Ila na wenzake wamepanda, tena zaidi yake, kwa hiyo amewapita wachache kuliko mwanzo. Huyo nitamwambia hongera, maana kitu anachokijua kimeongezeka, na mi ndicho kinachonihusu zaidi. PSTL hapo inanisaidia mimi mwalimu kujua mtihani ulikuwa mwepesi au mgumu, na kumwona mtoto ambaye kundi linamwacha nyuma kidogokidogo kabla hajaachwa mbali. Kwa kweli ukiniuliza mi nafikiri hii safu ni ya walimu kuliko ya wazazi, nimeshalisema ofisini, tutaona muhula ujao kama itabaki kwenye nakala ya nyumbani au la. Ikibaki itakuwa na maelezo chini yake, hilo nimeahidiwa.

Na mtoto mwenye PSTL ya chini msimwite wa mwisho wala mjinga. Ukipanga watu 120 kwenye mstari lazima kuna watakaokuwa nyuma hata kama wote wanajua, hata mkichukua walimu 120 mkatupa mtihani kuna mwenzetu atatoka na 3. Kitu cha kuangalia ni Alama yake imesimama wapi na maoni ya mwalimu wa somo, yale maandishi ya mkono upande wa kulia ambayo najua mengine hayasomeki, samahani, la Sayansi hasa.

Sasa kwa utaratibu: soma Alama kwanza, kisha maoni, PSTL iwe ya mwisho. Kama kuna somo Alama iko chini ya 40 naomba tuonane bila kujali PSTL inasema nini, nipo shuleni jumatano na alhamisi kuanzia saa tisa na nusu mpaka saa kumi na moja, chumba cha 6B. Usije na wasiwasi, njoo na daftari la somo hilo na mtoto mwenyewe kama inawezekana. Kile kipande cha chini cha ripoti chenye sehemu ya saini kikatwe kirudishwe ijumaa, mpaka sasa nimepokea 17 tu. Na wale wawili mliosaini na kuandika "hatujaridhika na asilimia za mtoto", nimeviweka pembeni kwanza, mkishasoma hii mniambie kama niwape vipya.

Asanteni,
Mwalimu wa darasa, 6B