Barua kwa Baba na Mama kabla sijahamia Kimara

Dar es Salaam
Jumapili, 16 Novemba

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi ni mzima, kazi zinaendelea, na ule mguu uliokuwa ukivimba nikitoka zamu ya usiku umetulia. Natumaini mvua za vuli zimefika huko Marangu na kwamba kifua cha Baba hakisumbui sana.

Nimempa Elia barua hii aje nayo kwa sababu jambo lenyewe silitaki kwenye simu. Kwenye simu Mama angeshtuka, mimi ningeanza kulia, Baba angesema "tutaongea", na tusingeongea. Naomba mkae wote wawili, Mama amsomee Baba, maana najua ile miwani bado imefungwa uzi.

Jambo ni hili: mimi na Festo tumeamua kuanza kuishi nyumba moja mwezi wa kwanza, kabla ya ndoa. Tumepata nyumba Kimara, vyumba viwili, sebule na jiko la ndani, shilingi laki tatu kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, milioni moja na laki nane, na kila mmoja wetu ametoa nusu. Nimetaka mlisikie kutoka kwangu, mapema, msije mkalisikia kwa shangazi wa Ubungo baada ya kuniona sokoni Kimara na kapu mkononi.

Najua hii siyo habari mliyokuwa mkiisubiri. Mlisubiri mshenga abishe hodi na barua ya posa, na mlikuwa na haki ya kusubiri hivyo. Sitawaambia kwamba tunahamia pamoja kwa sababu ya kodi. Ni kweli kodi mbili zinatuumiza, na ni kweli kwamba kutoka Mbagala hadi hospitalini alfajiri ni shughuli, lakini ningekuwa na gari na nyumba yangu bado ningewaandikia barua hii. Tuna miaka mitatu sasa. Nikitoka zamu ya usiku huwa namkuta kituoni na chupa ya chai, halafu anapanda basi la kwenda kazini kwake upande mwingine wa mji, na mimi naenda kulala peke yangu Mbagala. Tumechoka kuishi hivyo. Tunataka kujenga maisha mahali pamoja.

Baba, nasikia swali lako: kama mnapendana hivyo, kwa nini msioane kwanza? Sababu ni mbili. Ya kwanza mnaijua, msiba wa baba yake. Tangu Machi, Festo ndiye anayemlipia mdogo wake ada ya chuo, na baba yake mdogo wa Iringa, ambaye ndiye atakayesimama kama mzee wao, amesema hapeleki posa kwa watu kabla mwaka wa msiba haujaisha. Nadhani hata wewe ungesema hivyo. Ya pili ni kanisa. Sisi ni Walutheri, wao Wakatoliki, na bado hatujakubaliana tutafunga wapi. Tumeshalizungumza mara nyingi bila kugombana, ila sitaki tulimalize haraka haraka kwa sababu tu nyumba imepatikana.

Tumewekeana muda. Posa itakuja baada ya Pasaka, na ndoa tunataka iwe kabla mwaka ujao haujaisha. Msije mkadhani nimejiingilia tu uchumba sugu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi wakajulikana kama mke na mume, itachukuliwa kuwa wameoana, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Wengi hapa mjini wanakuwa wanandoa kwa njia hiyo, na wanakuja kuijua siku wanapofikishana mahakamani. Sisi hatutaki kuwa mke na mume kwa kuzoea. Hata vitu tumeandika kwenye daftari: friji na kitanda vyangu, televisheni na mashine ya kufulia vyake, na tutakavyonunua pamoja tutaviandika pamoja. Mama, najua hapo utacheka, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kutunza risiti.

Na kwa kuwa utauliza: hapana, sina mimba. Ningekuwa nayo ningesema kwenye mstari wa kwanza.

Linaloniuma zaidi ni upande wa usharika. Baba ni mzee wa kanisa, na utaratibu ninaujua: anayeishi na mwenzake bila ndoa hashiriki Meza ya Bwana mpaka atengeneze mambo yake na arudi kundini. Nitakubali hilo bila manung'uniko. Mchungaji wa usharika wangu hapa nitamwendea mimi mwenyewe kabla ya kuhama. Huko nyumbani, Baba, sikuombi unitetee kwenye baraza la wazee, wala sikuombi unifiche. Ukiulizwa, sema Neema ameamua hivyo, na kwamba alikwambia mapema. Wakiona busara ukae kando kwa muda kwa ajili yangu, hilo litanichoma kuliko kukosa ushirika, na nataka ujue nimelifikiria kabla sijaandika.

Mama, najua na wewe utayasikia yako kwenye kikoba. Wale waliochangia sendofu ya dada watauliza yangu lini. Waambie ukweli kadiri utakavyopenda wewe, au usiwaambie kitu. Mimi sitakasirika kwa lolote utakalosema ukiwa umebanwa.

Sijaandika hii kuomba mseme ndiyo. Uamuzi tumeufanya, nina miaka thelathini, na ingekuwa kuwadanganya kujifanya bado ninauliza. Lakini kuna mengine ambayo hayajaamuliwa, na hayo nayataka kutoka kwenu: kama Festo aje kabla ya Krismasi azungumze na Baba ana kwa ana, au asubiri aje na wazee wake, kama mngependa kuiona nyumba, na kama kuna neno mlilolishika moyoni juu yake tangu alipokuja Juni. Alipoondoka siku ile Mama alisema tu, "anakula machalari vizuri," na Baba hakusema kitu. Nikaogopa kuuliza. Sasa nauliza.

Kama mmekasirika, kasirikeni, nami sitawabishia. Kama mtahitaji siku kadhaa kabla ya kunipigia, nitasubiri. Ninachoomba ni kimoja: msimtume mtu mwingine, si mjomba wala shangazi. Nipigieni wenyewe, hata iwe kuniambia kwamba bado hamjawa tayari kuongea.

Fedha ya mbolea na ya dawa za Baba itaendelea kuja kila mwisho wa mwezi kama kawaida. Hilo halihusiani na mengine yote, sasa wala baadaye.

Nitafika nyumbani Jumapili tarehe 21 Desemba kwa basi la asubuhi, peke yangu. Festo nimemwambia asikate tiketi mpaka nisikie kutoka kwenu. Mkisema aje, atafika tarehe 27. Mkisema asije, atakwenda Iringa kwa mama yake na hatalichukulia vibaya. Elia ana mfuko wenye sukari, vitenge viwili vya Mama na fremu mpya ya miwani. Vioo vya zamani vinaingia humo, fundi wa Moshi atavihamisha siku hiyo hiyo.

Mwanenu anayewapenda,
Neema