Ujumbe kwa Mama wa Manyatta

Mdogo wangu, nimesoma ujumbe wa kumshukuru Mama wa Manyatta ulioniletea:

"Kwako Mama, ningependa kuchukua fursa hii kukushukuru kwa dhati kwa ukarimu ulionionyesha katika kipindi chote cha mafunzo yangu ya uuguzi mjini Kisumu. Mchango wako ulikuwa muhimu katika kufanikisha malengo yangu. Nakutakia kila la heri katika biashara yako. Wako mwaminifu."

Huu ungemfaa mkuu wa chuo. Mama alikulaza kwake na kukulisha, na hakuna hata kitu kimoja alichokufanyia kilichotajwa hapa. Yale uliyonisimulia kwenye simu ndiyo ya kumwandikia. Nimeyapanga kwa maneno yako mwenyewe. Nilichoondoa kabisa ni "wako mwaminifu".

"Mama, habari za Manyatta? Mguu umepata nafuu? Mimi nilifika salama. Mama yangu anakusalimu sana, na omena uliyonifungia imeshaisha.

Siku ya kuondoka nilisema asante mbio mbio kwa sababu matatu ilikuwa imejaa, na nilijua nikianza kuongea nitalia. Sasa wacha niseme vizuri.

Kila nilipotoka zamu ya usiku pale hospitali ya Russia nilikukuta umeshaamka, unajiandaa kwenda sokoni Kibuye, na hukutoka kabla ya kuniwekea strungi na kiazi kitamu. Nilipoacha mia tano chini ya kopo la majani chai, uliirudisha kwenye mfuko wa sare uliyonifulia. Niliiona nikiwa wodini, nikashindwa hata la kukwambia.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni ile asubuhi baada ya mgonjwa wangu wa kwanza kufariki. Hukuniuliza kitu. Uliketi nami mlangoni mpaka saa nne, na najua muuza omena akichelewa hivyo wateja wameshanunua kwingine. Siku hiyo nilikuwa nimeamua kuacha uuguzi, Mama. Sikumwambia mtu ila dada yangu. Jioni nilirudi zamu kwa sababu uliniambia, 'Nenda, kuna wengine wanakungoja.'

Desemba nakuja. Usipike, nitapika mimi. Samaki nitapitia Dunga asubuhi nichague mwenyewe. Na lile bati la jikoni linalovuja nitalibadilisha, usimlipe fundi.

Nakupenda sana, Mama.
Mwanao wa zamu ya usiku."

Soma kwa sauti. Ukikuta neno ambalo huwezi kumwambia ukiwa umeketi jikoni kwake, libadilishe. Hilo la kutaka kuacha uuguzi ni lako. Kama hutaki alijue, litoe, ingawa mimi naona anastahili kujua alichokifanya. Tuma jioni akishatoka sokoni, maana mchana simu huwa anaiacha kwa mtoto.