Haki za mpangaji Tanzania: kodi, notisi na mkataba wa chumba | Mtwara

MAELEZO
Umelipa kodi ya miezi sita pale Chikongola, mwezi wa tatu mwenye nyumba anakwambia kodi imepanda. Sheria inasemaje kuhusu jambo kama hilo? Video hii ya dakika 11 inaeleza kwa Kiswahili cha kawaida mambo ambayo wapangaji wa Mtwara na Lindi hugombana nayo kila siku: kodi ya mkupuo, notisi, umeme wa LUKU ya kuchangia, na kufuli kubadilishwa ukiwa kazini.

Tunaanzia mbali kidogo, maana watu wengi bado wanaitaja sheria ya kudhibiti kodi ya nyumba ya mwaka 1984. Ilifutwa 2005. Ndiyo maana leo karatasi mliyosaini wewe na mwenye nyumba ina uzito mkubwa, na ndiyo maana tumetumia karibu nusu ya video kuisoma mstari kwa mstari. Mkataba tulioushika mbele ya kamera ni wa kutunga. Angalia kipengele cha sita: "mpangaji atahama atakapotakiwa". Hakuna siku, hakuna tarehe.

Hii ni elimu ya jumla. Hatujui mkataba wako umeandikwaje wala mlikubaliana nini kwa mdomo, kwa hiyo video haikwambii ufanye nini wala nani atashinda. Kama tayari umepewa notisi au vyombo viko nje, mwone wakili au msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa, nenda na mkataba na risiti zako. Wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 huhudumia wasio na uwezo bila malipo.

Wenye nyumba, nanyi mnakaribishwa. Dakika ya 8 ni yenu.

00:00 Kodi imepanda katikati ya mkataba
01:20 Sheria ya 1984 na kilichobadilika 2005
02:45 Kuusoma mkataba, mstari kwa mstari
07:30 Dalali na "mwezi mmoja wake"
08:10 Mpangaji asiyelipa: upande wa mwenye nyumba
09:40 Serikali ya mtaa, baraza la kata, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya: tofauti yake

MANENO YA PICHA YA MBELE
Notisi ya mdomo?

LEBO
haki za mpangaji, mkataba wa kupanga nyumba, kodi ya nyumba Tanzania, notisi ya kuhama, mwenye nyumba na mpangaji, baraza la ardhi na nyumba, dalali wa vyumba, vyumba vya kupanga Mtwara, kupanga Lindi, elimu ya sheria kwa Kiswahili

MAONI YA KUBANDIKA JUU
Tusimulie yaliyokukuta, ila usitaje jina la mwenye nyumba, namba ya simu wala namba ya nyumba; tutayafuta. Swali la "je, nikishtaki nitashinda?" hatulijibu hapa. Swali la "neno hili kwenye mkataba lina maana gani?" tunalijibu, na maneno yatakayoulizwa sana tutayatengenezea video ya pili.