Muhtasari wa kotesheni na mkataba wa nyumba ya shangazi

Shangazi, shikamoo.

Nimezisoma zote mbili, kotesheni ya kurasa 3 na mkataba wa kurasa 11. Hapa nimekuandikia yale manne uliyoniuliza. Namba za vifungu nimeziweka ili Jumamosi ukikaa na fundi umwonyeshe kwa kidole. Kazi yenyewe imepangwa vizuri na mchanganuo wake nimeujumlisha mara mbili, unakubali. Kinachonisumbua zaidi ni malipo, ndiyo maana hapo nimeandika kirefu.

Gharama yote

Ile 68,400,000 ya ukurasa wa kwanza siyo pesa utakayomalizia nyumba. Chini kabisa ya ukurasa wa 3, kwa herufi ndogo, wameandika: "Bei haijumuishi VAT ya asilimia 18." Hiyo ni 12,312,000 nyingine, kwa hiyo jumla ni 80,712,000.

Halafu kuna vitu ambavyo havimo kabisa: shimo la maji taka, rangi ya nje, uzio, kuvuta umeme na maji hadi kwenye nyumba, na ada za vibali. Uzio na rangi ulishaniambia utafanya baadaye. Shimo la maji taka ndilo limenishangaza, maana kwenye ramani limechorwa, na wewe ulidhani limo.

Umeme na mabomba yamewekewa 5,100,000, lakini mbele yake kuna neno "makisio". Kifungu cha 8 kinaeleza maana yake: mwisho wa kazi utalipa kulingana na risiti, na juu yake asilimia 10 ya fundi. Risiti zikifika 7,000,000, wewe utatoa 7,700,000. Na kifungu cha 9 kinasema saruji, nondo au bati zikipanda zaidi ya asilimia 5 baada ya kusaini, bei inaongezwa. Zikishuka, mkataba umenyamaza.

Malipo

Awamu ni tano, zote kabla ya VAT:

| Lini | Asilimia | Shilingi |
|---|---|---|
| Siku ya kusaini | 40 | 27,360,000 |
| Kuta zikifika kwenye renta | 25 | 17,100,000 |
| Paa likikamilika | 20 | 13,680,000 |
| Plasta, sakafu na dari zikiisha | 10 | 6,840,000 |
| Siku ya kukabidhi | 5 | 3,420,000 |

Sasa nimechukua mchanganuo wake mwenyewe nikaupanga pembeni ya malipo haya. Kuandaa kiwanja ni 2,500,000, msingi na jamvi 14,200,000, kuta hadi renta 12,900,000. Yaani siku kuta zinafika kwenye renta, kazi iliyosimama pale ina thamani ya 29,600,000. Siku hiyohiyo ukitoa awamu ya pili, utakuwa umeshalipa 44,460,000. Pesa yako 14,860,000 iko mfukoni kwake bila tofali. Paa likiisha (15,600,000 kwa bei yake), kazi ni 45,200,000 na wewe umelipa 58,140,000. Akiondoka siku hiyo, fundi mwingine hatakuja kumalizia kwa 10,260,000 uliyobaki nayo, wakati plasta, sakafu, dari, milango, madirisha, umeme na mabomba kwenye kotesheni hii vimefika 23,200,000.

Simwiti mwizi. Mafundi wengi wanaomba hivi kwa sababu hawana mtaji wa kununua nondo na saruji. Lakini anaweza kupewa ya kuanzia bila kupewa asilimia 40. Pendekezo langu ni 20 wakati wa kusaini, 20 msingi na jamvi vikiisha, 20 kuta zikifika renta, 20 paa likikamilika, 10 plasta, sakafu na dari zikiisha, 5 siku ya kukabidhi, na 5 ya mwisho ibaki kwako mpaka muda wa kasoro uishe. Kwa sasa mkataba haubakizi hata senti baada ya kukabidhi.

Jambo dogo lenye meno: kifungu cha 6 kinakupa siku 7 za kulipa kila awamu. Ukichelewa, anaruhusiwa kusimamisha kazi na kukutoza asilimia 2 kwa mwezi. Na anayeamua kwamba awamu imefika ni yeye mwenyewe. Hakuna palipoandikwa kwamba utakwenda kukagua kwanza.

Kuchelewa

Kotesheni inasema wiki 20. Mkataba unasema 24, na kifungu cha 3 kinasema vikipingana, mkataba ndio unaofuatwa. Kwa hiyo hesabu 24. Tena hazianzi siku ya kusaini, zinaanza siku atakapopokea awamu ya kwanza na kukabidhiwa kiwanja.

Akipitisha muda huo, anapewa siku 21 za bure. Baada ya hapo anakulipa 50,000 kwa siku, lakini fidia yote haizidi asilimia 3 ya bei, yaani 2,052,000. Hiyo inaisha ndani ya siku 42. Kuanzia siku ya 64 baada ya tarehe ya mwisho, kuchelewa hakumgharimu chochote. Sioni pia kifungu kinachokuruhusu kuvunja mkataba akifika hapo, na hicho ndicho ningekiomba kabla ya kudai fidia kubwa zaidi.

Sababu zinazomwongezea muda ni mvua, uhaba wa vifaa, mabadiliko utakayoomba wewe, na "sababu nyingine zilizo nje ya uwezo wa Mkandarasi". Hiyo ya mwisho ni mlango ambao hata lori linapita. Iandikwe kwamba kila sababu akutaarifu kwa maandishi ndani ya siku 7, la sivyo haihesabiki.

Kasoro

Muda ni miezi 6 tangu kukabidhi, isipokuwa paa kuvuja, ambalo limepewa miezi 12. Anawajibika kwa "kasoro za ufundi" tu. Vifaa ulivyonunua wewe havimhusu (kumbuka vigae vya bafuni unavinunua mwenyewe), na "nyufa za kawaida za plasta" pia ameziondoa bila kusema ufa wa kawaida una upana gani. Kuhusu msingi kutitia au ukuta kupasuka kuanzia chini hadi juu, hamna neno. Mambo hayo huweza kujitokeza hata baada ya mwaka, kwa hiyo msingi na kuta viandikiwe muda wake, mrefu zaidi.

Ukiona kasoro, mwandikie ndani ya siku 14, naye ana siku 21 za kurekebisha. Asiporekebisha? Mkataba hausemi. Ile asilimia 5 ya kubakiza ndiyo ingekuwa jibu, kwa sharti kwamba unaweza kumwita fundi mwingine na kumlipa kutoka humo.

Na tafadhali soma kifungu cha 17 mwenyewe, polepole. Mwenye nyumba akiingiza mtu au mali ndani, nyumba inahesabika imekabidhiwa na kukubaliwa. Wewe ulipanga kuhamishia makabati na vitanda kabla dari haijaisha ili uache kulipa stoo. Siku kabati la kwanza linaingia, miezi 6 inaanza kuhesabiwa na awamu ya mwisho inadaiwa, dari ikiwa bado wazi.

Mimi si wakili, shangazi. Hayo ya kuvunja mkataba na msingi ningependa wakili ayaandike kwa lugha yao. Mengine nimeyaandika kwa penseli pembeni ya nakala yako, na ukurasa wa 5, penye malipo, nimeukunja pembe. Fundi akikubali kubadilisha, abadilishe kwenye karatasi na mweke sahihi wote wawili pembeni ya kila badiliko. Asikwambie tu "tumeelewana".