Ngozi Haifanyi Mtihani: Hotuba ya Mstarini, Jumatatu Asubuhi

Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wanafunzi, habari za asubuhi? Marahaba. Kaeni wima lakini msijikaze, nitachukua dakika chache. Leo nimeombewa ruhusa niongee Kiswahili, ili baadaye asitokee wa kusema hakunielewa.

Ijumaa kamati ya mahafali iliniletea orodha ya kazi. Vyakula sawa, mapambo sawa, viti sawa. Nikafika kwenye mapokezi. Kuna majina ya wasichana sita, na pembeni mtu ameandika kwa penseli: "weupe weupe, picha zitoke vizuri." Wasichana wengine, ambao nawafahamu wana adabu na wanajua kuongea na wageni, wamepelekwa kuosha vyombo. Na nafasi ya mshereheshaji, kijana aliyeomba akakatwa jina kwa sababu, nanukuu, "zeruzeru hawezi kusimama mbele ya wazazi." Kijana huyo mmemsikia kwenye midahalo. Wanaomkataa ndio haohao humpigia makofi kila Alhamisi.

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia, kwa hiyo niruhusuni niseme kama mwalimu wa Baiolojia. Kila mmoja ainue mkono wake wa kulia mbele ya macho. Tazama mgongo wa mkono. Geuza, tazama kiganja. Rangi mbili, mkono mmoja. Sasa niambieni, upande upi una akili zaidi? Upande upi ni mwizi? Cheka tu, lakini hilo ndilo swali mlilolijibu kwenye orodha yenu bila kulicheka.

Rangi ya ngozi inatokana na melanini. Kuna seli maalumu kwenye tabaka la juu la ngozi zinazoitengeneza, na jambo linalowashangaza wengi ni kwamba idadi ya seli hizo inakaribiana kwa watu wote, awe Mdinka wa Sudan Kusini au Mnorwe. Tofauti ni kiasi na aina ya melanini wanayoitoa. Kazi yake kubwa ni kuzuia mionzi mikali ya jua. Mionzi hiyo huharibu folati mwilini, na folati inahitajika sana kwa mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana watu walioishi karibu na Ikweta kwa vizazi vingi walibaki weusi. Waliohamia kaskazini, kwenye jua hafifu, walihitaji ngozi inayopitisha mwanga zaidi ili mwili utengeneze vitamini D. Basi. Hiyo ndiyo habari yote iliyoandikwa kwenye ngozi: mababu zako waliishi chini ya jua la namna gani. Hesabu, uaminifu, bidii, sauti nzuri ya kuimba, hakuna hata kimoja kinachoandikwa pale.

Na msidhani weusi wote ni sawa. Mwaka 2017 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya kwa watu wa Ethiopia, Botswana na hapa kwetu Tanzania. Wakakuta ndani ya Afrika rangi za ngozi ni nyingi mno, na kwamba baadhi ya vinasaba vya weupe na vya weusi ni vya zamani kuliko binadamu wa sasa mwenyewe. Wasani wa kusini mwa Afrika ni weupe kuliko wengi wetu hapa. Kwa hiyo anayesema "watu weusi wako hivi" anazungumzia kundi ambalo kwenye vinasaba halipo.

Nirudi kwa wenzetu wenye ualbino, maana hapo ndipo tunapokosea zaidi. Ualbino hurithiwa pale baba na mama wote wawili wanapobeba kinasaba hicho, hata kama wao wenyewe ni weusi tii. Mwili unakosa melanini au unaitengeneza kidogo sana. Melanini inahitajika pia jicho linapojengeka, kwa hiyo uoni unakuwa hafifu na macho mara nyingi huchezacheza. Akili haijaguswa. Sikilizeni vizuri: akili haijaguswa.

Katika shule niliyofundisha kabla ya kuja hapa alikuwepo mvulana mwenye ualbino aliyekaa dawati la nyuma kabisa kwa sababu alikuwa mrefu. Alikuwa akinakili ubaoni nusu sentensi, nyingine anaibuni. Madaftari yake yalikuwa vituko. Wenzake wakamwita kilaza, akazoea. Mwalimu wake wa darasa akamleta mbele, akamwombea notsi za herufi kubwa, na kwenye mtihani wa taifa akapewa karatasi ya maandishi makubwa, kama Baraza la Mitihani linavyowapa watahiniwa wenye uoni hafifu. Alifaulu akaenda Kidato cha Tano, mchepuo wa Historia, Jiografia na Kiswahili. Kilichokuwa kimepungua ni mita sita kati ya macho yake na ubao.

Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimpigia kura Salum Khalfan Bar'wan akawa mbunge wao, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa jimboni katika nchi hii. Dokta Abdallah Possi, mwanasheria, aliteuliwa naibu waziri mwaka 2015 kisha akawa balozi wetu Ujerumani. Jirani zetu Kenya wana Jaji Mumbi Ngugi kwenye Mahakama ya Rufani. Wazazi wa Lindi walisimama juani kumsikiliza Bar'wan kampeni nzima, ninyi mnaogopa wazazi watachoka kwa saa tatu?

Hayo ni ya uwezo. Kuhusu tabia, nitasema neno zito kidogo, na wadogo wa Kidato cha Kwanza mnivumilie. Mnajua yaliyotokea Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino walipouawa kwa imani za kishirikina. Waliowaua walikuwa na rangi kama yangu. Majirani waliowaficha watoto ndani usiku, wakalala mlangoni na mapanga, nao walikuwa na rangi kama yangu. Rangi ileile, na katikati yake umbali wa mbingu na ardhi.

Nchi hii ilishajaribu kupanga watu kwa ngozi. Wakati wa mkoloni kulikuwa na shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika, na mnaweza kukisia ipi ilipata fedha kiduchu. Oktoba 1961 wabunge wengine walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa weusi peke yao. Ilikuwa zamu yetu ya kubagua, na Nyerere akasimama bungeni akawapinga kwa ukali. Mwaka uliofuata shule zikaunganishwa. Leo ninyi mnaketi dawati moja na yeyote, halafu mnafufua mchezo uleule kwa penseli.

Jambo dogo la mwisho kwa wanaotafuta huo "weupe weupe" madukani. Mkorogo mwingi una zebaki au haidrokwinoni. Zebaki inaharibu figo. Na mnapofuta melanini mnajivua kinga mliyopewa bure. Matroni ana orodha ya krimu zilizopigwa marufuku, nendeni mkaisome.

Sasa utekelezaji. Orodha ya mahafali nimeifuta. Nafasi ya mapokezi na ya ushereheshaji zitashindaniwa Jumatano saa tisa ukumbini: kila anayetaka atasimama aongee dakika mbili, na walimu watatu watatoa alama. Wanafunzi wenye ualbino wanaruhusiwa kuvaa kofia za pama na mikono mirefu hapa mstarini na shambani, kuanzia leo, na kiranja asimvue mtu. Walimu wa madarasa watapanga viti upya kabla ya saa nne. Kuosha vyombo kutakuwa kwa zamu, wavulana mkiwemo.

Kidato cha Nne, tangulieni madarasani.